Lebo Tatu za Tangazo: Mada, Muundo na Ufunguzi
(Hotuba kwa wenye nyumba za wageni na manahodha wa mashua, Lamu)

Asalaam aleikum wazee wangu, kina mama, na vijana mliokaa kule nyuma karibu na feni.

Nimeombwa nizungumze kuhusu matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram. Naona humu wengi ni watu wa nyumba za wageni, wa mjini na wa Shela, pamoja na manahodha wanaopeleka wageni Manda, Takwa na Kipungani. Sitawafundisha kupiga picha. Picha mnazo, na mwenye macho akikaa Lamu hakosi cha kupiga. Nina swali moja tu: tangazo likikuletea wageni, utajuaje ni kitu gani ndani yake kilichowaleta?

Ukiwauliza wenye biashara wengi hapa, jibu ni la aina hii: "Ile ya jua likizama ilishika sana, basi tuweke nyingine ya jua." Hilo jua, hata hivyo, lilikuwa ndani ya video. Video ilianza na sauti ya nahodha akitaja bei. Ilitoka Desemba, watu wa Nairobi wakitafuta pa kwenda likizo. Vitu vinne vilikuja pamoja na sifa yote akapewa jua.

Dawa yake ni kuweka lebo. Kila tangazo unalolitoa unalibandika lebo tatu. Ya kwanza ni mada, yaani tangazo linamwahidi mgeni nini. Ya pili ni muundo: ni picha moja, video, au picha kadhaa za kutelezesha kwa kidole. Ya tatu ni ufunguzi, maana yake kitu cha kwanza kabisa kinachomfikia mtu. Baada ya muda unayakusanya matangazo kwa lebo zake badala ya kulitazama moja moja. Tangazo moja halikuambii mengi, lakini ishirini yenye lebo safi huanza kusema.

Lebo safi ndiyo penye kazi. Chukueni tangazo hili: nahodha anachoma samaki ufuoni Manda, jua linazama nyuma yake, na maandishi yanasema "Leta familia." Mada yake ni nini? Mwingine atasema machweo, mwingine chakula, mwingine familia. Mkiachwa kila mtu na lake, baada ya miezi mitatu mtakuwa na jedwali lisilosema kitu, kwa sababu neno "machweo" litakuwa na maana moja kwako na nyingine kwa mwanao anayekusaidia na simu.

Kanuni ninayoitumia ni hii: mada si kile kinachoonekana, ni kile ambacho tangazo linamwambia mgeni atakipata. Iondoe picha akilini, usome maandishi na usikilize sauti, kisha ujiulize, huyu mgeni akilipa anaamini anakuja kufanya nini? Ikiwa maneno yanazungumzia samaki, wali wa nazi na mkate wa mofa, mada ni chakula, hata kama jua limejaa kioo kizima. Tangazo lina mada moja tu. Ukilipatia mada mbili, shilingi zake zitahesabiwa mara mbili, na jumla yako haitalingana na kile ulicholipa.

Na mada ziwe chache. Kwa biashara ya mashua na vyumba hapa, tano zinatosha: machweo, chakula, historia, familia, utulivu. Kuna jamaa nilimkuta na mada kumi na saba kwa matangazo ishirini na mawili. Hayo ni majina tu, si makundi. Kundi lenye tangazo moja halina cha kulinganishwa nacho.

Muundo ndio rahisi kuliko zote, sitakaa hapo. Ni kitu cha kuonekana tu. Kumbukeni kitu kimoja: picha iliyowekewa muziki na kusogezwa sogezwa ni video machoni pa Facebook, lakini si video machoni pa mteja. Amueni mapema mtaiita nini, na mkishaamua msibadilishe katikati ya safari.

Ufunguzi ndio unaowachanganya watu. Kwenye picha, ufunguzi ni sentensi ya kwanza ya maandishi, ile inayosomeka kabla mtu hajabonyeza kufungua mengine. Maandishi ya Facebook hukatwa mapema, kwa hivyo hesabuni takriban herufi 125 za mwanzo. Kilicho baada ya hapo ni cha mtu aliyekwisha kuvutiwa. Kwenye video, ufunguzi ni kile kinachoonekana na kusikika katika sekunde tatu za kwanza. Si maandishi ya chini, maana mtu hutazama kinachosogea kwanza. Lebo za ufunguzi mimi natumia nne: swali, bei, mtu akizungumza, mandhari tupu. Mandhari tupu ndiyo ile droni inayopanda juu ya mji taratibu, haina neno wala mtu. Kila nyumba ya wageni inayo moja.

Nitaongeza zoezi moja kabla ya kuendelea, kwa sababu ndilo linaloonyesha kama lebo zenu ni za kweli. Chukueni matangazo kumi ya zamani. Mmoja ayabandike lebo peke yake, na mwenzake peke yake, bila kuulizana. Kisha mlinganishe. Mkitofautiana kwenye matatu au manne kati ya kumi, tatizo si mtu, ni maelezo ya lebo. Andikeni upya maana ya lebo hiyo kwa sentensi moja, pamoja na mfano wa tangazo linaloingia na wa tangazo lisiloingia. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani. Ni ukurasa mmoja tu.

Lebo zinakaa wapi? Zikae kwenye jina la tangazo lenyewe. Ndani ya Ads Manager, ukurasa wa Facebook wa kuendeshea matangazo, kila tangazo lina sehemu inayoitwa `Ad name`. Wengi huacha jina linalokuja lenyewe, au huandika "tangazo jipya la mwisho kabisa". Mteja halioni jina hilo, ni lenu ninyi. Liandikeni hivi:

```
chakula_video_bei_01
```

Mada, muundo, ufunguzi, namba. Herufi ndogo zote, mstari wa chini katikati, na tahajia ileile siku zote. "Chakula" na "vyakula" kwa kompyuta ni watu wawili wasiojuana. Ikiwa tangazo la zamani bado linaendelea kutoka, mnaweza kulibadilisha jina bila kuligusa lenyewe. Kubadilisha jina hakuuvurugi mfumo. Kinachouvuruga ni kubadilisha picha, video au maandishi ya tangazo, maana mfumo huanza kujifunza upya.

Ukishalipakua jedwali la matokeo kutoka Ads Manager na kulifungua kwenye Google Sheets, jina la tangazo likiwa safu ya A, andika hivi kwenye B2 kisha uburute kwenda chini:

```
=SPLIT(A2,"_")
```

Jina linapasuka vipande vinne: mada inakaa B, muundo C, ufunguzi D, namba E. Safu ya F weka `Amount spent`, yaani fedha zilizotumika, na G weka `Messaging conversations started`, yaani mazungumzo yaliyoanzishwa. Natumia mazungumzo kwa sababu biashara zenu nyingi hupokea wageni kwa WhatsApp. Mwenye tovuti ya kulipia papo hapo atumie malipo.

Kuna kosa la hesabu ambalo hata watu waliosoma hulifanya, yaani kuchukua wastani wa wastani. Tangazo moja limetumia shilingi 10,000 likaleta mazungumzo 50. Kila moja ni shilingi 200. La pili limetumia 500 likaleta moja: shilingi 500. Ukijumlisha 200 na 500 ukagawa kwa mbili unapata 350, na unaikataa mada nzima kwamba ni ghali. Ukweli ni kwamba umetumia 10,500 ukapata mazungumzo 51, yaani takriban 206 kila moja. Jumlisheni fedha zote za kundi, jumlisheni mazungumzo yote, ndipo mgawanye. Daima kwa mpangilio huo.

Sasa nataka twende polepole, kwa sababu hapa ndipo lebo zinapomdanganya mtu aliyeziweka vizuri kabisa.

Chukulieni nyumba moja ya wageni Shela yenye mashua yake. Namba nitakazotaja nimezitunga kwa ajili ya mfano, zijumlike kirahisi, lakini umbo lake nimelikuta kwenye akaunti za watu zaidi ya mara moja. Msimu mzima wametoa matangazo ya mada mbili, machweo na chakula. Kila mada imetumia shilingi 24,000. Machweo yameleta mazungumzo 120, chakula 80. Gawanyeni: machweo ni shilingi 200 kwa mazungumzo, chakula ni 300.

Mwenye nyumba anasema basi, samaki wapumzike, tubaki na jua. Nani angemlaumu? Pengo ni la theluthi nzima.

Sasa tuongeze lebo ya pili. Tugawe kila mada kwa muundo wake. Kwenye jedwali, kwa mfano chakula cha video, tunaandika:

```
=SUMIFS(F:F,B:B,"chakula",C:C,"video")
```

Hiyo inatupa fedha. Tukibadilisha F kuwa G tunapata mazungumzo. Tunatazama.

Machweo ya video: shilingi 20,000, mazungumzo 110. Ni 182 kila moja.
Machweo ya picha: shilingi 4,000, mazungumzo 10. Ni 400.
Chakula cha video: shilingi 4,000, mazungumzo 25. Ni 160.
Chakula cha picha: shilingi 20,000, mazungumzo 55. Ni 364.

Tazameni tena, msinipite. Kwenye video, chakula ni nafuu kuliko machweo. Kwenye picha, chakula ni nafuu kuliko machweo. Kwenye kila muundo chakula kiko mbele, na bado ukivichanganya machweo ndiyo yanayoshinda, na kwa pengo kubwa! Namba ni zilezile, hakuna shilingi iliyofichwa.

Kilichotokea ni hiki. Machweo yalipewa karibu fedha zake zote kwenye video, na chakula karibu zote kwenye picha. Sababu ni ya kawaida kabisa: kijana wa nyumba ile anapenda kurekodi jua jioni akiwa na nafasi, na chakula hupigwa picha moja haraka mchana kabla wageni hawajaanza kula. Jumlisheni sasa kwa muundo peke yake: video zimetumia 24,000 zikaleta mazungumzo 135, ambayo ni 178 kila moja. Picha zimetumia 24,000 zikaleta 65, ambayo ni 369. Muundo ndio uliokuwa ukifanya kazi, na machweo yalipanda juu yake. Kuyasifu machweo hapo ni kumsifu nahodha kwa mwendo bila kuuliza upepo ulikuwa wa mbele au wa nyuma.

Kwa hivyo kabla hujasema neno lolote kuhusu lebo moja, ivunje kwa lebo nyingine. Mada kwa muundo, ufunguzi kwa muundo. Ukiona kisanduku kimoja kimejaa fedha na kingine kina vijisenti, ujue bado hujalinganisha chochote.

Sasa je, tuseme chakula ndicho bora? Hapana, bado. Na hapa nawaomba muwe wagumu. Chakula cha video kina mazungumzo 25 tu. Namba ndogo huyumba zenyewe. Msimu uleule ungerudiwa, pengine mngepata 18, pengine 33. Njia ya haraka ya kukadiria kuyumba huko ni kutafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inatoa hesabu yako, kisha uizidishe mara mbili. Kwa 25 ni 5, mara mbili ni 10. Basi yale 25 yangeweza kuwa popote kati ya 15 na 35, yaani gharama kati ya shilingi 114 na 267. Machweo ya video, kwenye 182, yako katikati ya upana huo. Hapa hatujui mshindi. Lakini video dhidi ya picha, 135 dhidi ya 65 kwa fedha sawa? Hata zikiyumba hazikutani: 135 inaweza kushuka hadi 112, na 65 inaweza kupanda hadi 81. Hilo tunalijua.

Hesabu hii ni ya haraka, haitoshi kwa mwenye kuandika tasnifu, lakini inatosha kumzuia mtu asiichome picha ya samaki.

Na jedwali sasa linatuonyesha cha kufanya wiki ijayo. Kisanduku cha chakula cha video kina dalili nzuri na fedha kidogo. Jazeni hapo. Rekodini video mbili tatu za chakula, mzipe fedha sawa na zile za machweo, ufunguzi uleule, wateja walewale, siku zilezile. Faida kubwa ya lebo iko hapo, kuwaonyesha mahali ambapo hamjajaribu.

Bwana mmoja aliniuliza wakati wa chai: mbona nisiyaweke yote pamoja niiache Facebook ichague? Kama lengo lako ni kuuza, weka. Ni njia nzuri tu. Kama lengo ni kujifunza, jua kwamba mfumo hauwapi wote nafasi sawa. Ukiweka matangazo matano ndani ya seti moja, mfumo hukisia mapema, mara nyingi baada ya kuonyesha kidogo sana, kisha humwaga karibu fedha zote kwa moja au mawili. Yaliyobaki hayakushindwa, hayakupewa nafasi. Ukija kuyahesabu kwa lebo, mada nzima itaonekana mbovu kwa sababu tangazo lake lilikosa bahati siku ya kwanza. Kwa kulinganisha kwa haki, tumieni kifaa kinachoitwa `A/B test`. Hugawa watu mafungu mawili, ili aliyeona tangazo hili asilione lile jingine, na hugawa fedha sawa.

Na kuna mambo mawili ndani ya Ads Manager yanayochafua lebo kimyakimya. Moja ni kuandika maandishi matano tofauti kwenye tangazo moja, kwa sababu mfumo unaruhusu. Tangazo hilo sasa lina funguzi tano, na lebo yako inasema "bei". La pili ni yale marekebisho ya `Advantage+ creative`, ambayo yanaweza kuongeza muziki, kukata picha upya au kubadilisha mpangilio wa maandishi. Ulimpiga picha nahodha na mashua yake, mteja akaona kichwa cha nahodha. Wakati wa kujifunza, yazimeni, na andikeni maandishi mamoja tu.

Nije kwenye ufunguzi, kwa sababu una kipimo chake na kipimo hicho kina mtego wake.

Kwa video, gawanyeni `3-second video plays` kwa `Impressions`, yaani waliotazama sekunde tatu kwa mara tangazo lilipoonyeshwa. Jibu linawaambia ni kiasi gani cha watu walisimamisha kidole. Kipimo hiki ni cha video na video tu. Picha haina sekunde tatu, kwa hivyo usije ukauliza kwa nini picha zako zina sifuri.

Ukitaka kujua ufunguzi peke yake, usitengeneze video mbili tofauti. Chukua video moja ya chakula, ubadilishe sekunde tatu za mwanzo tu. Ya kwanza ianze na swali: "Umewahi kula kamba aliyevuliwa asubuhi hii hii?" Ya pili ianze na nahodha anageuza samaki kwenye makaa na kusema bei ya safari kwa mtu mmoja, chakula ndani yake. Kuanzia sekunde ya nne, video zote mbili zifanane kabisa. Hapo tofauti ikitokea ina mwenyewe.

Turudi kwenye nyumba yetu ya Shela, bado kwa namba za mfano. Kila video imetumia shilingi 9,000 na kuonyeshwa mara 30,000. Ile ya swali imesimamisha watu 10,500, ambayo ni asilimia 35. Ile ya bei imesimamisha 6,600, asilimia 22. Swali linaongoza. Tuangalie mazungumzo: swali 60, bei 42. Swali bado linaongoza, shilingi 150 dhidi ya 214. Wengi wangefunga daftari hapo.

Sasa daftari la nahodha. Katika wale 60 wa swali, waliolipa na kupanda mashua ni 6. Katika wale 42 wa bei, ni 18. Kila aliyepanda kwa swali amegharimu shilingi 1,500 ya tangazo, na kila aliyepanda kwa bei 500. Mpangilio umepinduka juu chini.

Sababu yake si siri. Swali linaita kila mwenye njaa. Anauliza, anaambiwa bei, anasema "sawa nitakwambia", na humsikii tena. Bei ikitajwa sekunde ya kwanza, asiyeiweza anapita zake bila kukusumbua, na anayebaki amekwisha kukubali nusu ya safari. Tena kuna gharama ambayo jedwali haliioni kabisa: mtu wa kujibu ujumbe 54 wa watu wasiokuja. Kwa nyumba ndogo mtu huyo ni binti yako, na ana mtihani.

Lakini haya yote yanawezekana tu ikiwa mnajua mgeni alitoka tangazo lipi, na hapo ndipo nyumba nyingi hukwama. Kwenye tangazo linalofungua WhatsApp mnaweza kuandika mapema ujumbe wa kwanza ambao mteja atautuma. Kila tangazo liwe na wake. Moja liseme "Nataka kujua safari ya chakula", jingine "Nataka safari ya chakula ya jioni". Mteja haoni tofauti, ninyi mnaiona. WhatsApp Business nayo huonyesha juu ya mazungumzo tangazo alilotokea mtu. Akilipa, mbandikeni alama kwenye WhatsApp na mwandike jina la tangazo kwenye daftari lilelile la safari. Baadhi wataufuta ule ujumbe na kuandika "mambo", wengine watapiga simu moja kwa moja. Hao waandikeni "haijulikani". Msiwagawe kwa kukisia.

Jambo la mwisho kabla ya maswali ni msimu. Mnaujua kuliko mimi. Tangazo la Agosti au Desemba shule zikiwa zimefungwa si mwenzake tangazo la Mei, kusi ikivuma, bahari ikiwa chafu na nusu ya nyumba zimefunga milango. Ikiwa video zenu zote zilitoka Desemba na picha zote Mei, jedwali litasema video ni bora, nalo litakuwa linapima likizo ya shule. Linganisheni vya mwezi mmoja. Vilevile walengwa: tangazo la watu wa Nairobi na la watu wa Ulaya yasiingie jedwali moja, hata kama video ni ileile. Mimi huongeza safu mbili tu, mwezi na walengwa, na huchuja kabla ya kujumlisha chochote.

Mama mmoja hapa mbele ameuliza: ana matangazo ya mwaka mzima uliopita, hayana lebo wala jina la maana, ayatupe? La, mama. Yapakue, uongeze safu tatu kwa mkono, na uyabandike lebo ukiyatazama moja moja. Lakini fanya kitu kimoja: zifiche safu za fedha na mazungumzo kabla hujaanza. Ukijua tangazo lipi lilifanya vizuri, mkono wako utalibandika mada unayoipenda. Na yale ambayo video yake imefutwa na huikumbuki ilianza vipi, acha nafasi ya ufunguzi wazi.

Na kijana wa kule nyuma ameuliza aanze na matangazo mangapi akiwa na shilingi 15,000 tu kwa mwezi. Mawili. Mada moja, muundo mmoja, funguzi mbili tofauti, shilingi 7,500 kila moja. Usigawe kwa sita. Ukigawa kwa sita kila moja litakuletea mazungumzo kumi au kumi na tano, na kwa namba hizo hata mimi sitakuambia kitu. Mwezi wa pili shika ufunguzi ulioleta waliolipa, ubadilishe mada. Ikiwa miezi yote miwili waliolipa ni wachache mno kuhesabika, hesabu mazungumzo ambayo mteja ameuliza tarehe. Anayeuliza tarehe yuko karibu zaidi na mashua kuliko anayeuliza bei.